Mambo ya kuzingatia kabla ya endoskopia ya kufuatilia umio la Barrett

Mtu aliyeambiwa kuwa ana umio la Barrett huondoka hospitalini akiwa na tarehe moja kichwani: arudi baada ya miaka mitatu, au mitano. Tarehe hiyo haikukisiwa. Imetokana na urefu wa sehemu iliyobadilika pamoja na kile ambacho mwanapatholojia alikiona katika hadubini, na inaaminika tu kadiri kipimo kilichoizaa kilivyofanywa vizuri. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kuandaa kabla ya kipimo kinachofuata ni ripoti mbili za kipimo kilichopita: ile ya endoskopia, yaani kuangalia ndani ya umio kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na ile ya patholojia, yaani uchunguzi wa vipande vya nyama vilivyokatwa humo. Ziombwe wiki kadhaa mapema, zisomwe, na nakala zake zibebwe siku ya kipimo.

Ili ripoti hizo zieleweke, ni vyema kujua kilichotokea ndani ya umio. Kwa kawaida umio limefunikwa na seli bapa zilizopangwa kwa tabaka nyingi. Tindikali na nyongo zikipanda kutoka tumboni kwa miaka mingi, seli hizo huungua, na mahali pake huota seli ndefu zenye umbo la nguzo, zikiwa zimechanganyika na seli za umbo la kikombe zitoazo ute, mfano wa zile za utumbo. Badiliko hilo ndilo umio la Barrett, na peke yake si saratani. Hatari huanza pale seli hizo mpya zinapopata hitilafu katika vinasaba, hasa katika jeni ya TP53, zikaanza kupoteza mpangilio wake. Hali hiyo ndiyo displasia. Huitwa ya daraja la chini, kisha ya daraja la juu, na mbele yake ndipo ilipo adenokarsinoma, ambayo ndiyo saratani yenyewe. Wengi hawafiki huko. Kwa mtu asiye na displasia, wanaopata saratani ni takriban 3 katika kila watu 1,000 kwa mwaka, ilhali kwa mwenye displasia ya daraja la juu hatari hupanda hadi takriban watu 6 au 7 katika kila 100 kwa mwaka.

Katika ripoti ya endoskopia, tafuta herufi C na M. Huo ni utaratibu wa Prague: C ni urefu wa sehemu iliyobadilika kuuzunguka mduara wote wa umio, na M ni urefu hadi ncha ya juu kabisa ya ulimi wa seli hizo, vyote kwa sentimita, vikipimwa kuanzia pale mikunjo ya tumbo inapoanzia. Mwongozo wa Marekani wa 2022 unasema kwamba asiye na displasia arudi baada ya miaka 5 ikiwa urefu haujafika sentimita 3, na baada ya miaka 3 ukifika sentimita 3 au zaidi. Badiliko lisilofika sentimita 1 halihesabiwi kuwa umio la Barrett linalohitaji ufuatiliaji. Nchi nyingine hutofautiana kidogo katika miaka, lakini msingi ni huohuo wa urefu na displasia. Ripoti inayosema tu kwamba Barrett imeonekana, bila kutaja urefu wala idadi ya vipande vilivyokatwa, haiwezi kubeba tarehe ya miaka mitatu, na kwa maoni yangu mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo kipimo hicho hakipaswi kurudiwa mapema zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 58 mwenye kiungulia cha muda mrefu. Mikunjo ya tumbo lake ilianzia sentimita 40 kutoka meno ya mbele, badiliko lilizunguka mduara wote hadi sentimita 38, na ulimi wake mrefu zaidi ulifika sentimita 35. Hiyo ni C2M5. Hakukuwa na displasia, hivyo alipangiwa miaka 3. Muda ulipokaribia aliacha omeprazoli, dawa yake ya kupunguza tindikali, kwa wiki mbili, kwa kuwa jirani yake aliyewahi kupimwa bakteria wa tumbo aliambiwa afanye hivyo. Ushauri huo ulifaa kwa kipimo cha jirani, si kwa chake. Anayefuatiliwa Barrett huendelea na dawa isipokuwa daktari wake amesema vinginevyo, kwa sababu tindikali ikirudi huleta uvimbe na vidonda, na seli zinazojirekebisha baada ya kuungua hufanana mno na seli zenye displasia.

Ndivyo ilivyotokea. Daktari aliona vidonda, akakata vipande hata hivyo, na majibu yakasoma displasia ya daraja la chini. Hapa ndipo ningemsihi msomaji asikubali haraka, wala asikate tamaa. Jibu la namna hiyo halifanyiwi uamuzi kabla vioo vilevile vyenye vipande hivyo havijasomwa na mwanapatholojia wa pili aliyebobea katika njia ya chakula, na mara nyingi msomaji wa pili hulishusha. Kwa mtu huyu, wa pili aliandika kwamba displasia haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa sababu ya uvimbe. Alipewa dawa ya tindikali mara mbili kwa siku, akarudiwa kupimwa ndani ya miezi 6; vidonda vilikuwa vimepona, displasia haikuonekana, naye akarejea kwenye ratiba ya miaka 3. Kama displasia ya daraja la chini ingethibitishwa, angechagua pamoja na daktari wake kati ya kuichoma kwa mawimbi ya redio kupitia endoskopia, na kupimwa tena baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha kila mwaka. Ya daraja la juu kwa kawaida hutibiwa, haiachwi ikingojewa.

Siku ya kipimo yafaa kuuliza, kwa adabu, kama vipande vitachukuliwa pande nne katika kila sentimita 2, pamoja na kingine kutoka mahali popote penye uvimbe au rangi ya kutilia shaka. Displasia mara nyingi haionekani kwa macho, nayo huweza kujificha katika eneo dogo. Vipande viwili tu kutoka sehemu ya sentimita 5 vinaweza kuikosa kabisa. Mweleze pia daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukataji wa vipande vidogo una hatari ndogo ya kutoa damu, hivyo mara nyingi dawa haiachwi, na kuiacha kwa uamuzi wako kunaweza kuleta kiharusi. Mengine ni ya kawaida: kutokula kwa saa 6 na kuwa na wa kukusindikiza nyumbani ukipewa dawa ya usingizi.

Tarehe iliyopangwa ni ya mtu ambaye hali yake haijabadilika. Chakula kikianza kukwama kifuani, uzito ukipungua bila sababu, au choo kikiwa cheusi kama lami, kipimo hufanywa sasa, hata kama kilichopita kilikuwa safi na kimefanywa mwaka jana.