Barua ya maombi ya kazi baada ya miaka ya kulea watoto

Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa karani wa mishahara Dar es Salaam, akaacha kazi 2017, na sasa anaomba nafasi kama ile. Barua yake isizidi ukurasa mmoja.

1. Kichwa na aya ya kwanza. Anuani na tarehe ziwekwe kama kawaida, kisha YAH: na jina la kazi kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na namba ya kumbukumbu. Usianze na watoto. Anza na kazi unayoiweza:

"Naomba nafasi ya Karani wa Mishahara. Nimeandaa mishahara ya wafanyakazi 85 kwa miaka minne, pamoja na makato ya PAYE na hifadhi ya jamii."

2. Sentensi ya pengo. Iweke aya ya pili, baada ya mwajiri kujua unachokijua. Ukilinyamazia pengo, ataliona kwenye wasifu na kulijaza mwenyewe: labda alifukuzwa, labda alikuwa mgonjwa. Sentensi mbili zinatosha:

"Kuanzia 2017 hadi 2024 nililea watoto wangu. Sasa wanasoma, nami niko tayari kwa kazi ya siku nzima."

Umri wa watoto, mambo ya ndoa na mpango wa dada wa nyumbani havimo. Wala usiombe radhi. Anayeomba radhi humfanya msomaji atafute kosa. Hakikisha miaka hii inalingana na wasifu, maana tofauti ya mwaka mmoja tu huonekana kama uongo.

3. Onyesha kwamba unajua kilichobadilika. Hapa ndipo barua nyingi hukwama. Hofu ya mwajiri ni kwamba maarifa yako yamepitwa na wakati, na "najifunza haraka" haiiondoi. Karani wetu akiandika kwamba anajua kupeleka michango kwenye mfuko wa pensheni wa PPF, amejimaliza: mwaka 2018 mfuko huo uliunganishwa na mingine, na sekta binafsi sasa huchangia NSSF. Kiwango cha SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na mwajiri, nacho kimeshuka zaidi ya mara moja tangu aondoke, kwa hiyo akisome upya TRA kabla ya usaili. Kisha aandike:

"Nimepitia upya viwango vya sasa vya PAYE na SDL, na utaratibu wa michango ya NSSF."

Asiandike hivyo kama hajapitia. Swali la kwanza la usaili litatoka hapo hapo.

4. Kazi isiyolipwa yenye hesabu. Uhazini wa VICOBA unahesabika, mradi utaje idadi: wanachama 30, daftari la mikopo, mgao wa mwisho wa mwaka. Kupika na kufua usivigeuze kuwa "uongozi wa rasilimali". Maofisa rasilimali watu wameshauzoea ujanja huo.

5. Kufunga. Taja tarehe unayoweza kuanza. Mshahara usiutaje, hasa usijitolee kupokea pungufu. Wadhamini wawe watu wanaopokea simu: bosi wako wa 2017 huenda amehama, mtafute kabla ya kuandika namba yake.