Barua pepe ya zabuni: wape kurasa

Zabuni za serikali siku hizi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, lakini kampuni binafsi nyingi hapa Dar bado hupokea kwa barua pepe. Hapo "tafadhali pokea kiambatisho" haitoshi. Kwenye mada weka namba ya zabuni kama ilivyotangazwa, kisha jina la kampuni yako.

Ndani, fuata vigezo vyao vya tathmini kwa mpangilio wao, kila kimoja na ukurasa wake: "Leseni ya biashara, uk. 4. Kazi tatu za usafi wa ofisi, Posta na Mikocheni, uk. 11–15." Hakikisha ni namba zinazoonekana kwenye PDF ya mwisho, maana ukiongeza jalada baadaye zote zinasogea.

Bei usiitaje kama pendekezo la fedha linatakiwa kivyake. Unaweza kuenguliwa hapohapo.