Somo: Jibu la joto mahususi limegoma? Kosa litafute hivi

Wakuu, leo tukague hesabu ya joto mahususi, ile ya kuchanganya cha moto na cha baridi, maana wengi fomula Q = m × c × Δθ wanaijua vizuri kabisa ila jibu linatoka la ajabu. Nachukua swali moja tu twende nalo mpaka mwisho.

Kipande cha alumini cha gramu 200 kimetoka kwenye maji yanayochemka, 100°C, kikatumbukizwa kwenye kalorimita ya shaba ya gramu 100 yenye maji gramu 150, zote zikiwa 25°C. Wakakoroga, tempricha ikatulia 41°C. Maji ni 4200 J/kg°C, shaba 390. Tafuta c ya alumini.

Hatua ya 1, usiguse fomula kwanza. Andika kila kitu kimetoka wapi kimefika wapi. Alumini imetoka 100 ikafika 41, imeshuka 59. Maji na kalorimita vimetoka 25 vikafika 41, vimepanda 16. Hapa ndo pana kosa kubwa kuliko yote, mtu anapata 16 anaitumia kotekote hata kwa alumini, wakati kinacholingana ni joto lililotoka na joto lililoingia, tempricha hazilazimiki kubadilika sawa. Ukifanya hivyo unapata 3345. Na kuna wanaojumlisha 273 kwenye 16 ili "iwe kelvini", usifanye hivyo jamani, tofauti ya digrii 16 ni hiyohiyo 16 kwenye kelvini.

Hatua ya 2, masi. Mzani ukipima kalorimita ikiwa na maji unasoma gramu 250, mtu anaichukua yote kama maji na jibu linaruka mpaka 1424. Lazima uitoe kalorimita, halafu uipe mstari wake na c yake.

Hatua ya 3, gramu zote ziwe kilo ndo upige:

```
maji:       0.15 × 4200 × 16 = 10080 J
kalorimita: 0.1 × 390 × 16   = 624 J
jumla                        = 10704 J
alumini:    0.2 × c × 59     = 10704
c = 10704 / 11.8 = 907 J/kg°C
```

Hatua ya 4, kukagua, na hapa naomba mtulie. Wengi wanarudisha c kwenye fomula, pande mbili zikilingana wanafunga daftari. Hiyo haikagui kitu, kwa sababu ukirudisha 3345 pamoja na ile 16 ya makosa napo zitalingana, umerudia kosa lako tu. Kagua kwa njia nyingine. Maji na kalorimita pamoja vinataka 630 + 39 = 669 J kupanda digrii moja. Alumini imeshuka 59 wao wamepanda 16, yaani imeshuka karibu mara 3.7 zaidi, kwa hiyo yenyewe inatakiwa kubeba mara 3.7 pungufu, kama 181 J kwa kila digrii. Hiyo ni ya kilo 0.2, gawanya, unarudi kwenye 900 na kidogo. Alafu angalia ukubwa wa jibu: risasi iko karibu 130, shaba 390, chuma kama 450, alumini 900. Ukipata elfu tatu kwa metali hizi rudi hatua ya 1.

MASWALI

Swali: Mwalimu mimi niliacha gramu zote bila kubadili na nikapata 907 ileile, sasa kosa liko wapi?

Jibu: Kwenye c hakuna kosa, gramu zimekatana kwa sababu zipo pande zote mbili. Ila ile 10704 kwako imesomeka 10704000, wakikuuliza joto lililotoka umekosa. Na ukiweka kilo upande wa maji na kalorimita halafu gramu upande wa alumini hazikatani, unapata 0.907.

Swali: Yangu ilikuwa ya hita ya wati 50, dakika 5, kipande cha kilo 1 kikapanda digrii 16. Napata 15.6, nimerudia mara tatu jamani.

Jibu: Umezidisha 50 kwa 5. Wati ni jouli kwa sekunde, kwa hiyo 50 × 300 = 15000 J, gawa kwa 16 upate 937.5. Jibu likipungua mara 60 kamili shuku dakika, likipishana mara 1000 shuku gramu.

Swali: Sisi maabara tumepata 860, hesabu tumekagua kila mstari, bado tumekosea?

Jibu: Hesabu iko sawa kaka, tatizo ni kipande kimepoa njiani kabla hakijaingia majini. Nyie mmeandika 100 wakati kimefika na chini ya hapo, kwa hiyo mmegawanya kwa mshuko mkubwa kuliko wa kweli na c ikashuka. Kihamisheni haraka, na kifutwe maji ya moto kwanza maana yale matone nayo yanaleta joto lake, hayo yanavuta c juu.