Mkato, nukta na ile ng' iliyonitesa: kuakifisha mazungumzo katika hadithi

Mpwa wangu aliniletea hadithi yake ya abiria waliokwama kwenye feri ya Likoni. Kisa kitamu, lakini ukiisoma hujui nani amemaliza kusema na nani bado anaendelea. Tulikaa barazani jioni nzima tukiirekebisha, na hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1: Chagua alama

Mimi hufungua na kufunga usemi kwa alama za mtajo za vistari viwili, "hivi". Kimoja kimoja si kosa, ila Kiswahili kina ng', na utaona mbele kwa nini nakikimbia. Hicho kimoja nakiweka kwa nukuu iliyo ndani ya usemi tu:

"Bibi alizoea kuniambia, 'Haba na haba hujaza kibaba,' nami nikimcheka."

Hatua ya 2: Tazama kilicho nje ya mtajo

Mpwa wangu alikuwa ameandika:

"Ngoja nipite". Akasema Mwanaisha.

"Akasema Mwanaisha" haisimami peke yake. Kazi yake ni kutuambia nani kasema. Basi nukta inageuka mkato, mkato unaingia ndani ya mtajo, na kitenzi kinaanza kwa herufi ndogo:

"Ngoja nipite," akasema Mwanaisha.

Msemaji akitangulia, mkato unakaa nje na nukta ndani:

Mwanaisha akasema, "Ngoja nipite."

Akikatiza katikati, angalia kama sentensi inaendelea au imekwisha. Linganisha:

"Ngoja," akasema Mwanaisha, "nipite na kapu langu."

"Ngoja nipite," akasema Mwanaisha. "Kapu hili lina samaki."

Kiulizi na alama ya hisi hazifuatwi na mkato: "Yuwenda wapi?" akauliza utingo. Ukiandikia simu, ikishaona kiulizi itakupandishia "Akauliza". Irudishe chini.

Hatua ya 3: Usidanganywe na -ka-

Hapa hata wazoefu hujikwaa. Kwa sababu -ka- huunganisha tendo na lililotangulia, mkono unaandika wenyewe:

"Ngoja nipite," akainua kapu.

Lakini mtu hawezi kuinua maneno. Jiulize kama kitenzi hicho kinaweza kubeba usemi. Kujibu, kufoka, kunong'ona, kuuliza vinaweza. Kuinua, kugeuka, kutikisa kichwa haviwezi, kwa hivyo usemi unafungwa kwa nukta na tendo linaanza sentensi yake:

"Ngoja nipite." Akainua kapu.

"Akacheka" wengine huiachia mkato. Mimi naiwekea nukta.

Na ukishaandika "kwamba", mtajo hauna kazi. "Alisema kwamba, 'Sina chenji'" ni chotara. Chagua: Alisema kwamba hakuwa na chenji. Au: "Sina chenji," alisema.

Hatua ya 4: Kubadili alama kwa mkupuo

Miaka kadhaa nyuma mhariri mmoja alinirudishia hadithi yangu akitaka alama zote za kimoja ziwe mbili. Nikabonyeza `Ctrl+H`, nikabadilisha zote kwa pigo moja. Ng'ombe wakawa ng"ombe, ning'oe ikawa ning"oe, na nilikesha nikiwatafuta mmoja mmoja. Kompyuta haijui kuwa ile ya ng' ni ritifaa wala si mtajo. Kwake ni alama ileile.

Siku hizi naificha ritifaa kwanza. Hifadhi nakala ya hadithi, hakikisha humo hamna `#`, kisha badilisha kwa mpango huu:

```
ng'  →  ng#
Ng'  →  Ng#
'    →  "
#    →  '
```

Washa chaguo la kutofautisha herufi kubwa na ndogo, la sivyo Ng'ombe wa mwanzo wa sentensi anaweza kubadilika umbo. Alama ikikataa kupatikana, huenda iliyo kwenye maandishi ni ya kupinda na unayoitafuta imenyooka. Inakili kutoka humo humo katika hadithi, uibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Nukuu zilizokuwa ndani ya usemi nazo zitageuka kuwa mbili, hivyo methali za bibi utazirekebisha kwa mkono.

Halafu kuna ritifaa ya kudondosha herufi, kama mhusika anaposema 'takuja badala ya nitakuja. Hiyo mpango wangu hauikamati. Ifiche kwa `#` wewe mwenyewe kabla ya mstari wa tatu. Tena inapoanza neno, programu huipinda kama inayofungua usemi. Andika x'takuja, kisha ufute x, itapinda upande unaofaa.

Ukimaliza, zima lile chaguo la herufi kubwa na ndogo, utafute `g"`. Ya mwisho wa usemi iache. Ikiwa katikati ya neno, kuna ng'ombe aliyetoroka, kama NG'OMBE wa herufi kubwa tupu. Kisha tafuta `g'` mwishoni mwa neno: usemi ulioishia kwa ng bila nukta wala mkato, kama 'Twende Hong Kong', mpango utakuwa umeuacha na kimoja mwishoni, nawe utaurekebisha kwa mkono.