Tiketi ya kuanzia Mombasa

Wafanyabiashara wa Tanga mnaokwenda Guangzhou, kabla hamjalipa tafuteni bei mara mbili kwa tarehe zilezile: DAR–CAN–DAR, yaani Dar hadi Guangzhou na kurudi, kisha MBA–CAN–MBA, yaani kuanzia Mombasa. Shirika la ndege hupanga nauli kwa soko la mji unaoanzia, pamoja na kodi za uwanja huo. Ndiyo maana abiria wa Dar na wa Mombasa wanaweza kukutana Addis Ababa, wakapanda ndege moja, na bei zao zikapishana. Si lazima Mombasa iwe rahisi, ila kwetu ni karibu kuliko Dar, kupitia mpaka wa Horohoro.

Tuseme umeokoa dola 150. Humo toa nauli ya basi la kwenda na kurudi, na chumba cha usiku mmoja, maana foleni ya mpakani au kivuko cha Likoni vikikuchelewesha, ndege haikungoji. Na usithubutu kuacha kipande cha kwanza cha safari ukapandie Addis: ukikosekana Mombasa, tiketi yote iliyobaki inafutwa, hata ya kurudi. Mzigo nao utatua Mombasa, kwa hiyo forodha ya Horohoro inakuhusu. Mwenye mabegi manne ya nguo apige hesabu hiyo kwanza.