Namna ya kupanga barua ya maombi ya kazi ya Mtendaji wa Kijiji, kuanzia anwani hadi sahihi

Halmashauri za wilaya nchini Tanzania zinapopata kibali cha ajira hutangaza, pamoja na nafasi nyingine, ile ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Tangazo hilo kwa kawaida hueleza sifa za mwombaji, majukumu ya kazi, masharti ya jumla na utaratibu wa kutuma maombi. Barua ya maombi huandikwa tangazo likiwa mezani, kwa sababu karibu kila sehemu ya barua ina mahali inapotoka katika tangazo: anwani ya mpokeaji na mwisho wa kupokea maombi hutoka kwenye maelekezo, kichwa cha habari hutoka kwenye jina la nafasi, na aya za ushahidi hutoka kwenye sifa na majukumu.

Tuchukulie mwombaji mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne, akasoma astashahada ya utawala wa serikali za mitaa katika Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, mkoani Dodoma, akafanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mtendaji wa kata, na baadaye akajitolea katika ofisi ya kijiji chake kwa miezi saba. Barua yake ndiyo tutakayoipanga.

Anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia. Huwa na jina, sanduku la posta, mji au wilaya, namba ya simu na tarehe. Waombaji wengi wa vijijini hawana sanduku lao wenyewe, na hakuna aibu yoyote katika kutumia la shule, la parokia, la msikiti au la ofisi ya kata, mradi mwenye sanduku awe ameridhia na atamke jina lako barua ikifika. Katika hali hiyo huandikwa "kwa uangalizi wa" kabla ya jina la taasisi. Jina liandikwe kama lilivyo katika cheti cha kidato cha nne. Ikiwa cheti kinasema majina mawili na kitambulisho cha taifa kinasema matatu, au tahajia zinatofautiana kwa herufi moja, jambo hilo halirekebishwi ndani ya barua kwa maelezo, bali kwa kiapo cha majina kinachoambatishwa. Tarehe iandikwe kwa ukamilifu, siku, mwezi kwa maneno na mwaka, nayo iangukie kati ya siku ya tangazo na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Barua yenye tarehe ya kabla ya tangazo huonyesha kwamba imenakiliwa kutoka maombi ya zamani.

Anwani ya mpokeaji hukaa upande wa kushoto, chini kidogo ya mstari wa tarehe, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Siku hizi matangazo mengi huelekeza kwamba maombi yatumwe kwa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, yaani portal.ajira.go.tz, na mwombaji akiona hivyo hudhani kwamba barua yenyewe inaandikwa kwa Katibu wa Sekretarieti. Mfumo ni njia ya kupitishia barua tu. Anayeandikiwa ni yule ambaye tangazo limesema barua ielekezwe kwake, na kwa nafasi ya halmashauri huwa ni mkurugenzi:

> Mkurugenzi Mtendaji (W),
> Halmashauri ya Wilaya ya …,
> S.L.P. …,
> …

Alama ya (W) katika mabano humaanisha wilaya, na ikiwa tangazo limeiandika, nawe iandike. Vilevile usibadilishe "Halmashauri ya Mji" kuwa "Halmashauri ya Wilaya", kwa kuwa katika baadhi ya maeneo hizo ni ofisi mbili tofauti zenye majina yanayofanana. Jina binafsi la mkurugenzi halihitajiki, kwani barua inaandikwa kwa cheo, na mwenye cheo anaweza kuhamishwa kabla haijasomwa. Mwombaji ambaye tayari ni mtumishi wa umma huongeza mstari wa "Kupitia kwa" pamoja na anwani ya mwajiri wake wa sasa, kisha huipeleka barua huko kwanza ili ipitishwe.

Salamu ya barua ni "Ndugu," na inatosha. "Mheshimiwa" ni ya diwani, mbunge na waziri. Mkurugenzi ni mtumishi, na kumpandisha cheo hakumfurahishi kama wengine wanavyodhani. Chini ya salamu huja kichwa cha habari, kwa herufi kubwa au kwa kupigiwa mstari, nacho hutaja nafasi moja kwa jina lake kamili:

> YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III

Wapo wanaoandika "maombi ya kazi yoyote", au wanaotaja nafasi mbili katika barua moja kwa matumaini ya kuongeza bahati. Maombi hupangwa kwa nafasi, kwa hiyo barua ya namna hiyo haina fungu la kuwekwa. Anayetaka nafasi mbili na anazo sifa za zote huandika barua mbili.

Aya ya ufunguzi ina kazi ya kusema unaomba nini, umelijuaje tangazo, na kwa kifupi wewe ni nani. Mazoea yametufundisha kuanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na wako wanaokaa hapo mistari mitatu kabla ya kusema lolote. Sioni sababu ya kuipiga vita sentensi hiyo, maana haimnyimi mtu kazi, lakini inachukua nafasi ambayo ingetumika kwa jambo. Mwombaji wetu anaweza kufungua hivi:

> Ninaomba kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kama ilivyotangazwa na ofisi yako katika tangazo la tarehe …, Kumb. Na. …. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 24, mhitimu wa kidato cha nne na mwenye astashahada ya utawala wa serikali za mitaa kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo.

Kwa sentensi mbili, msomaji anayechuja ameona masharti ya kwanza yote: uraia, umri, elimu na fani. Namba ya kumbukumbu hunakiliwa nukta kwa nukta na mkwaju kwa mkwaju kutoka kwenye tangazo.

Sasa tufike kwenye aya za ushahidi, ambazo ndizo barua yenyewe. Tangazo la kazi hii hutaja majukumu mengi: kuwa katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji, kutunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji, kupokea na kusikiliza malalamiko ya wananchi, kusimamia mipango ya maendeleo, ulinzi na usalama, na mengine. Usijaribu kuyajibu yote. Chagua mawili au matatu ambayo umewahi kuyafanya kwa mkono wako, kila moja ulipe aya yake, na katika kila aya useme ulifanya nini, wapi, kwa muda gani, na ni karatasi gani uliyoambatisha inayothibitisha. Bila karatasi, sentensi hubaki kuwa madai.

Rasimu ya kwanza ya mwombaji wetu ingeweza kusomeka hivi: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa." Sentensi hiyo imo katika barua za nusu ya waombaji wenzake, na anayechuja hana namna ya kuipima. Akirudi kwenye daftari lake la kijijini, anaweza kuandika:

> Kuanzia Machi hadi Septemba 2024 nilijitolea katika ofisi ya kijiji, nikimsaidia mtendaji kuandaa ajenda na kuandika mihtasari ya vikao saba vya halmashauri ya kijiji na mikutano mikuu miwili ya kijiji. Mihtasari hiyo niliiwasilisha kwa mtendaji kabla ya kikao kilichofuata ili isomwe na kuthibitishwa. Barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kazi hiyo imeambatishwa.

Hesabu hizo zina uzito kuliko zinavyoonekana. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi, na mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo miezi saba kuwa na vikao saba na mikutano miwili ni jambo linaloingia akilini kwa yeyote aliyefanya kazi katika serikali za mitaa. Angeandika "vikao zaidi ya thelathini", msomaji angejua papo hapo kwamba ama hajui alichokuwa akihudhuria, ama ametia chumvi, na aya zilizobaki zingesomwa kwa jicho la shaka.

Aya ya pili anaweza kuitoa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kata, ambako alipanga majalada ya malalamiko ya ardhi kwa vijiji na kwa mwaka, kisha akafungua rejista ya kuonyesha lalamiko lilipokelewa lini na lilipelekwa wapi. Aiandike kwa mtindo uleule na kuambatisha barua ya kumaliza mafunzo yenye muhuri wa ofisi. Masomo ya chuoni yanaweza kupata mistari miwili, kwa kutaja somo linalogusa jukumu fulani katika tangazo. Kurudia orodha ya masomo yote ni kuifanyia barua kazi ya cheti. Habari za hali ngumu ya nyumbani, wadogo wanaosomeshwa na mama mgonjwa ziachwe nje, hata kama ni za kweli kabisa, kwa sababu hakuna kipengele cha tangazo zinachojibu.

Hitimisho huwa fupi. Hutaja utayari wa kuitwa kwenye usaili na kuja na vyeti halisi, hushukuru, na huishia hapo:

> Nipo tayari kuhudhuria usaili kwa tarehe na mahali nitakapoelekezwa, nikiwa na vyeti vyangu halisi. Natanguliza shukrani zangu kwa kuyapokea na kuyapitia maombi haya.

Adabu ya hitimisho haihitaji kunyenyekea kupita kiasi. "Nitashukuru sana endapo ombi langu litakubaliwa" ni ya heshima. "Nakuomba sana, kwa machozi, unifikirie" humweka msomaji mahali pabaya. "Naomba kuwasilisha" ni ya dokezo la ndani ya ofisi, na haifai hapa. Chini huandikwa "Wako mtiifu," au "Wako katika ujenzi wa taifa," kisha nafasi ya sahihi, kisha jina kamili kwa herufi kubwa, na chini yake orodha ya viambatisho kwa mpangilio uleule vinavyotajwa katika barua.

Sahihi ndiyo inayosahaulika mara nyingi, kwa kuwa barua huandikwa kwenye simu au kompyuta na kupakiwa moja kwa moja, ilhali matangazo husisitiza barua iliyosainiwa. Chapisha, saini kwa kalamu ya wino, iskani iwe PDF moja yenye kurasa zilizonyooka, uifungue na kuisoma kabla ya kuipakia, kisha uingie tena katika akaunti yako na kuhakikisha kwamba nafasi hiyo inaonekana miongoni mwa maombi yaliyotumwa. Kujaza taarifa binafsi na kupakia vyeti peke yake hakuhesabiwi kuwa umeomba kazi.