Unasoma Sana, Mtihani Ukifika Umesahau: Tengeneza Boksi la Kadi

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu twisheni wakilalamika kwamba wanasahau si wavivu. Wanapiga msuli mpaka usiku wa manane, madesa yao yamepakwa rangi kila mstari, halafu kwenye moko kichwa kinakuwa kitupu. Baadhi wameshanunua hata kitabu cha mbinu za kumbukumbu, wakakisoma chote kama riwaya, na bado wanasahau. Kitabu cha aina hiyo ni cha kufanyia kazi: chukua mbinu moja, uiingize kwenye somo lako. Mimi nafundishia boksi la kadi, lililoenezwa na Sebastian Leitner katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972. Hapa nitalitumia kwa mada ya Vita vya Majimaji.

Hatua ya 1: Kagua kitabu kabla ya kununua

Fungua ukurasa wa yaliyomo. Tafuta sura ya kujipima mwenyewe na sura ya kurudia somo kwa kuachanisha siku. Kama hazipo, na kitabu kizima kinakufundisha kupanga vitu kwenye vyumba vya nyumba ya kufikirika, kiache dukani. Mbinu hiyo inafanya kazi kweli, ila kwa orodha za majina au namba. Swali la "eleza sababu" linakutaka uunganishe mambo.

Hatua ya 2: Soma, funga, andika

Soma kurasa mbili au tatu za mada, funga kitabu, kisha andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka. Utaona umeandika kidogo, na utatamani kufungua kitabu. Vumilia kwanza. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja likakirudia kukisoma, jingine likaandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 42, na walioandika asilimia 56. Ndiyo maana kurudia kusoma kunadanganya: usiku ule ule unajiona umeiva.

Ukimaliza, fungua kitabu na uzungushie ulichokosa. Hayo ndiyo yatakayokuwa kadi.

Hatua ya 3: Andika kadi

Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu, na kila kadi ibebe jambo moja tu. "Eleza Vita vya Majimaji" si kadi, hiyo ni insha nzima. Ivunje:

- Mbele: Kwa nini wakulima wa kusini walichukia kilimo cha pamba cha Wajerumani? Nyuma: Walilazimishwa kufanya kazi kwa ujira mdogo, huku mashamba yao ya chakula yakikosa watu.
- Mbele: Imani ya maji ya Kinjeketile wa Ngarambe ilisaidiaje vita? Nyuma: Watu waliamini maji yale yangewakinga na risasi, na imani hiyo iliunganisha makabila mbalimbali.
- Mbele: Kwa nini vita hivi vilifuatiwa na njaa kubwa? Nyuma: Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula.

Mwaka vita vilipoanza, 1905, nao upewe kadi yake.

Hatua ya 4: Endesha boksi

Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu. Kadi zote mpya zinaanzia chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukijibu sawasawa, kadi inakwenda chumba cha pili, cha kila baada ya siku tatu. Ukipatia tena, inakwenda cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Ukikosa popote, inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika mwisho.

Jibu kwa sauti au kwa maandishi kabla ya kugeuza. Hapa ndipo wengi wanapojiibia: anageuza haraka, anaona jibu, anasema "aa, hii naijua". Kadi hiyo hajaipata, irudi chumba cha kwanza.

Kadi ikirudi mara tatu au nne, usiilaumu kumbukumbu. Ama imebeba mambo mengi, ama hukuielewa mada tangu mwanzo. Igawe, au mfuate mwalimu. Na chumba cha kwanza kikijaa mpaka hukimalizi ndani ya nusu saa, acha kuandika kadi mpya kwa siku chache.

Hatua ya 5: Andika insha kila wiki

Kadi hazikufundishi kujenga hoja. Kila wiki chukua swali moja la mtihani uliopita, ulijibu bila daftari kwa muda ule ule wa mtihani. Hoja uliyoisahau inageuka kadi.

Kadi isiyokosewa hata mara moja inachukua kama wiki mbili kupita vyumba vyote, na nyingi zitakosewa, kwa hiyo anza angalau miezi miwili kabla. Kama zimebaki siku tatu, achana na boksi. Chukua maswali ya mitihani iliyopita na ufanye hatua ya 2 peke yake, asubuhi na jioni.